Wiki Hutunza Siku, Mwezi Hutunza Tarehe: Somo la Umri kwa Darasa la Nne



Mada niliyopewa ni somo moja tu la Hisabati: umri wa mtu kwa siku, wiki, miezi na miaka, na namna vipimo hivyo vinne vinavyohusiana. Nitalieleza kama somo la darasa la nne. Mtoto wa darasa hilo ameshajua kuzidisha na kugawanya namba kubwa kiasi, na umri wake mwenyewe anaujali kuliko namba yoyote iliyomo kitabuni. Nitaeleza pia mchezo mmoja wa darasani, kadi zake na sheria zake, ili mwalimu anayetaka aweze kuuchezesha kesho bila kununua kitu.

Ingia darasa lolote uulize: mwezi mmoja una wiki ngapi? Darasa zima litakuitikia, nne! Mwaka una miezi mingapi? Kumi na miwili! Mwaka una wiki ngapi? Hamsini na mbili! Watoto hawaoni tatizo lolote, kwa sababu kila jibu walifundishwa kwa siku yake, na kila moja limeshawapatia alama. Sasa waambie wazidishe wiki 4 kwa miezi 12. Watapata 48. Wiki nne nzima hazijulikani zilikokwenda.

Kwa maoni yangu somo zima la umri limo ndani ya wiki hizo nne. Mwalimu akizitafuta pamoja na watoto wake, wataelewa uhusiano wa vipimo vyote vinne. Akizipita kwa kusema "shikeni 52 tu", watafanya zoezi la siku hiyo vizuri, na muhula ujao watarudi palepale.

Tazameni kosa hili linavyokua. Mtoto ametimiza miaka 9 leo, na ameambiwa atafute umri wake kwa siku. Anazidisha 9 kwa 12, anapata miezi 108. Anazidisha kwa 4, anapata wiki 432. Anazidisha kwa 7, anapata siku 3024. Kuzidisha kwake hakuna dosari hata moja. Lakini mtoto wa miaka 9 kamili ameishi siku 3287 au 3288, kutegemea miaka mirefu aliyopitia. Hesabu yake imemnyang'anya siku zaidi ya 260, yaani karibu miezi tisa ya maisha yake. Kosa linalotokana na kukosea kuzidisha mwalimu hulikamata mara moja. Hili la siku 3024 linapita, maana hatua zote kwenye daftari zinaonekana nzuri.

Chanzo chake ni kwamba vipimo hivi havikutoka mahali pamoja. Siku inatokana na dunia kujizungusha. Mwaka unatokana na dunia kulizunguka jua, safari ya takriban siku 365 na robo. Mwezi ulianzia angani pia: kutoka mwandamo hadi mwandamo ni takriban siku 29 na nusu, ndiyo maana Ramadhani mwaka mmoja huwa na siku 29 na mwingine 30. Kalenda tunayoandikia tarehe shuleni iliirefusha miezi hiyo ili kumi na miwili ijaze mwaka wa jua. Wiki yenyewe haifuati jua wala mwezi. Ni siku saba walizokubaliana watu. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya 7 kuingia sawasawa ndani ya 30, wala ndani ya 365, na kweli haiingii.

Darasani naligawa jambo hili katika jozi mbili. Chora mstari wa kusimama katikati ya ubao. Kushoto andika siku na wiki, na kati yake uweke namba 7. Kulia andika miezi na miaka, na kati yake uweke 12. Ukibaki upande mmoja, kazi ni kuzidisha au kugawanya, na jibu halibadiliki kamwe: wiki 10 ni siku 70 kwa mtoto yeyote, na miaka 3 ni miezi 36 kwa mtoto yeyote. Ukitaka kuvuka mstari, huna budi kushika kalenda. Juu ya mstari wenyewe andika neno hilo kwa herufi kubwa: KALENDA.

Hapo ndipo pa kuwatuma watoto wakatafute wiki zilizopotea. Kila mmoja akunje ngumi ya mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia ataje miezi kuanzia kifundo cha kwanza: kifundo ni Januari, bonde ni Februari, kifundo Machi, bonde Aprili, hadi Julai iangukie kifundo cha mwisho. Kisha arudi kifundo cha kwanza kwa Agosti. Mwezi wa kifundo una siku 31. Mwezi wa bonde una siku 30, isipokuwa Februari yenye 28, au 29 katika mwaka mrefu. Sasa mwulize: kila mwezi, baada ya kutoa wiki zake nne, yaani siku 28, unabakiwa na siku ngapi? Januari inabakiwa na 3, Februari ya mwaka mfupi haibakiwi na kitu, Machi 3, Aprili 2, na kadhalika. Miezi saba ya vifundo inatoa siku 3 kila mmoja, jumla 21. Miezi minne ya mabonde, ukiacha Februari, inatoa siku 2 kila mmoja, jumla 8. Ishirini na moja na nane ni 29, na siku 29 ni wiki 4 na siku 1.

Wiki nne zimeonekana! Zilikuwa zimetawanyika mwishoni mwa miezi, mbili hapa, tatu pale. Ukizirudisha kwenye 48 unapata wiki 52, na siku 1 juu yake. Mwaka mfupi basi ni wiki 52 na siku 1, na mwaka mrefu ni wiki 52 na siku 2. Usiwape watoto sentensi hiyo ya mwisho kabla hawajajumlisha wenyewe. Wakiipata kwa vidole vyao hawatahitaji tena kuikariri.

Ile siku 1 ya ziada ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa sababu yake, siku ya kuzaliwa ya mtoto iliyoangukia Jumatatu mwaka huu itaangukia Jumanne mwakani, au Jumatano ikiwa katikati imepita tarehe 29 Februari. Watoto wengi wameshaona kwamba Krismasi haikai siku moja ya wiki, ila hawajawahi kuambiwa sababu.

Sasa nataka tuitazame kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu iko karibu kila nyumba na inatumia jozi zote mbili kwa pamoja. Mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Baada ya hapo kadi inaacha wiki na kuanza kusema miezi: chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi 2024, siku ya Ijumaa. Wiki 6 ni siku 42, nazo zinamfikisha 12 Aprili. Wiki 10 zinamfikisha 10 Mei. Wiki 14, yaani siku 98, zinamfikisha 7 Juni. Fungueni kalenda ya mwaka huo muone: 12 Aprili, 10 Mei na 7 Juni zote ni Ijumaa. Tarehe imehama kila mara, lakini siku ya wiki imebaki ileile aliyozaliwa. Miezi 9 inamfikisha 1 Desemba, ambayo ni Jumapili. Safari hii tarehe imebaki na siku ya wiki imehama.

Hii ndiyo kanuni ninayotaka mtoto atoke nayo darasani: wiki hutunza siku, mwezi hutunza tarehe. Ukimpa mtoto tarehe mbili na kumwuliza kama kati yake kuna wiki kamili, hana haja ya kuhesabu kwanza. Aangalie kama siku ya wiki ni moja. Akiulizwa kama kuna miezi kamili, aangalie kama tarehe ni ileile.

Kadi hiyohiyo inaonyesha pia jinsi kosa la "mwezi ni wiki nne" linavyofika hadi nyumbani. Mama anaambiwa wiki 14. Kichwani anagawanya kwa 4, anapata miezi mitatu na nusu, na anajiandaa kwenda katikati ya Juni. Wiki 14 zimetimia tarehe 7, miezi mitatu na siku sita tu baada ya kuzaliwa. Amechelewa kama wiki moja. Kwa kawaida muuguzi humwandikia tarehe ya kurudi, na hilo linamwokoa. Mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa vizuri anaweza kumwandikia mama yake tarehe zote tatu za mdogo wake akiwa na kalenda na penseli tu.

Sasa tufanye mfano mmoja mzima, kama ungefanyika ubaoni. Mtoto amezaliwa 23 Aprili 2015, na somo linafanyika Jumatatu 10 Juni 2024.

Anza upande wa kulia, kwenye miaka na miezi, kwa kuruka kutoka tarehe 23 hadi tarehe 23. Kutoka 23 Aprili 2015 hadi 23 Aprili 2024 ni miaka 9. Kutoka hapo hadi 23 Mei ni mwezi 1. Kuruka tena hadi 23 Juni hatuwezi, siku hiyo haijafika, kwa hiyo tunahesabu siku zilizobaki: kutoka 23 Mei hadi 31 Mei ni siku 8, na 10 za Juni, jumla 18. Umri wake ni miaka 9, mwezi 1 na siku 18. Kwa miezi, 9 mara 12 ni 108, ongeza 1, ni miezi 109 na siku 18.

Sasa tunavuka mstari kuingia kwenye siku. Miaka 9 mara 365 ni siku 3285. Ongeza siku moja kwa kila tarehe 29 Februari aliyoipitia: ya 2016, ya 2020 na ya 2024, jumla 3. Tumefika 3288. Kutoka 23 Aprili hadi 23 Mei ni siku 30, kwa sababu Aprili ni mwezi wa bonde. Tumefika 3318. Ongeza zile 18, jumla ni siku 3336. Gawanya kwa 7 upate wiki: ni wiki 476 na baki 4.

Hapa watoto hufunga daftari. Wasifunge, maana baki hiyo ndiyo itakayotuambia kama hesabu ni sahihi. Mtoto ameishi wiki 476 kamili na siku 4. Wiki kamili hutunza siku, kwa hiyo alizaliwa siku ya wiki iliyo siku nne kabla ya Jumatatu ya leo. Rudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi. Alizaliwa Alhamisi. Sasa fungua kalenda ya Aprili 2015, au mwambie akamwulize mama yake jioni. Na kweli, 23 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi. Kama angesahau mwaka mrefu mmoja tu, baki ingekuwa 3 na hesabu ingemwambia Ijumaa. Katika familia nyingi za pwani uhakiki huu umo ndani ya jina lenyewe: Hamisi na Mwanahamisi ni majina ya waliozaliwa Alhamisi, Juma na Mwajuma ya waliozaliwa Ijumaa. Kwa kuwa watoto hurithi pia majina ya babu na bibi zao, jina ni dokezo tu. Lakini mtoto anayeitwa Juma ambaye hesabu yake imemwangusha Ijumaa hatalisahau somo hilo.

Kabla ya mchezo, niseme machache kuhusu kusahihisha. Ukimpa mtoto wa miaka 9 kamili kazi ya kutafuta siku zake, jibu alilokosea litakuonyesha lenyewe alikopotelea. Aliyeandika 3024 ameamini mwezi ni wiki 4. Aliyeandika 3240 amefanya kila mwezi kuwa na siku 30. Aliyeandika 3276 amezidisha wiki 52 kwa 7, akaiacha ile siku 1 ya mwisho wa kila mwaka. Aliyeandika 3285 anajua karibu kila kitu, amesahau miaka mirefu tu. Hao wote kwenye daftari wanapata alama ya kosa ileile, na kwangu hilo si haki. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye vifundo vya ngumi. Wa mwisho anahitaji dakika moja.

Aliyekosea kwa siku moja tu mara nyingi ameihesabu siku ya kuzaliwa kuwa ya kwanza. Mwekee kidole juu ya tarehe ya kuzaliwa kwenye kalenda, na asiseme kitu. Aanze kutamka "moja" kidole kikiruka kwenda tarehe inayofuata. Mtoto aliyezaliwa jana ana siku 1 leo. Aliyezaliwa leo bado hajatimiza hata moja.

Jambo moja naomba mlishike kwa uangalifu. Si kila mtoto darasani anaijua tarehe yake ya kuzaliwa. Wapo wanaojua mwaka tu, wapo walioambiwa walizaliwa wakati wa mavuno, na wapo ambao tarehe iliyo kwenye rejesta ya uandikishaji ilikisiwa. Usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake na kumdai tarehe asiyokuwa nayo. Somo hili linafundishika kikamilifu kwa umri ulioandikwa kwenye kadi, na ndiyo sababu mchezo wangu hauulizi umri wa mtoto yeyote.

Mchezo unaitwa Foleni ya Umri. Kata maboksi matupu vipande vya ukubwa wa daftari, uandike umri mmoja kwa kila kipande kwa kalamu ya wino mzito, maandishi yaonekane kutoka nyuma ya darasa. Kadi zinakwenda kwa seti za nne. Darasa likiwa kubwa, gawanya makundi ya watoto wanane: wanne wanashika kadi kifuani, wanne ni washauri wao. Kazi ni kupanga foleni kuanzia mdogo hadi mkubwa, na wenye kadi hawaruhusiwi kusema. Washauri ndio wanaohesabu kwenye daftari na kuwaelekeza wenzao wasogee. Kundi likimaliza linapiga kofi moja kwa pamoja.

Kupanga ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili ni kupinga. Kundi jirani linapita mbele ya foleni na linaweza kuwanyooshea kidole wawili wowote waliosimama karibu na kusema, "Tunapinga." Kundi lililopingwa lazima lithibitishe ubaoni, kwa kugeuza kadi zote mbili ziwe siku. Likithibitisha, linapata pointi. Likishindwa, pointi inakwenda kwa wapingaji, lakini sharti wao waonyeshe mpangilio sahihi kwa hesabu. Kupinga kwa kubahatisha hakulipi. Nimeiweka sheria hii kwa sababu bila yake mtoto mmoja mwepesi wa hesabu hupanga foleni nzima, na wengine saba wanakuwa watazamaji.

Seti ya kwanza ni ya kuwasha moto tu: siku 21, wiki 4, siku 30, wiki 5. Zote ziko upande wa kushoto wa mstari, na wiki zikigeuzwa kuwa siku foleni inakuwa 21, 28, 30, 35. Dakika chache zinatosha.

Seti ya pili ndiyo yenye mtego: siku 500, wiki 70, miezi 17, na mwaka 1 na miezi 4. Kundi linaloamini mwezi ni wiki 4 litagawanya 70 kwa 4, litapata miezi 17 na nusu, na litamweka mwenye wiki 70 baada ya mwenye miezi 17, tena kwa kujiamini. Sasa wapingaji waende ubaoni. Wiki 70 ni siku 490. Mwaka 1 na miezi 4 ni siku 365 na miezi minne juu yake, jumla kati ya 485 na 489, hata uanzie mwezi gani na hata mwaka mrefu ukipita. Miezi 17 ni kati ya siku 515 na 519. Foleni sahihi basi ni mwaka 1 na miezi 4, kisha wiki 70, kisha siku 500, kisha miezi 17. Mwenye wiki 70 aliyesimama kwa fahari baada ya mwenye miezi 17 anarudi kusimama kabla yake. Watoto wakimwona anasogea kwa miguu yake, wanaiona tofauti ya siku 25 hadi 29 ambayo ubaoni ingebaki kuwa namba tu. Mwalimu asimame kando na kunyamaza. Akiwahi kutoa jibu, ameua mchezo.

Seti ya tatu ina kadi mbili tu, na inachezwa na darasa zima: wiki 13 na miezi 3. Nani mkubwa? Waache wabishane. Wiki 13 ni siku 91, hilo halina ubishi. Upande mmoja utakuja na miezi mitatu kuanzia tarehe 1 Februari hadi 1 Mei ya mwaka mfupi, siku 89, na utasema mwenye wiki ni mkubwa. Upande mwingine utakuja na 1 Julai hadi 1 Oktoba, siku 92, na utasema mwenye miezi ni mkubwa. Mtoto mmoja atajaribu 1 Aprili hadi 1 Julai, atapata 91, na atasema wako sawa. Wote watatu wamehesabu sawa. Kadi ya wiki ina jibu moja. Kadi ya miezi haina, mpaka uambiwe mtoto alizaliwa tarehe gani. Darasa likifika hapo, waambie watazame tena ule mstari ubaoni na neno lililoandikwa juu yake, nawe usiongeze maelezo.

Watoto wengine huondoka na hisia kwamba mwalimu amewatega kwa swali lisilo na jibu. Ni vizuri kuwaambia waziwazi kwamba jibu lipo, nalo ni "inategemea tarehe ya kuzaliwa", na kwamba jibu hilo linapata pointi kamili likiandamana na mifano miwili inayopingana. Mtoto aliyesema "inategemea" bila mfano bado hajafika.

Kwa kazi ya nyumbani, napenda swali moja: ni lini utatimiza siku 4000? Mtoto wetu wa mfano atazitimiza tarehe 5 Aprili 2026, siku 18 kabla ya kufikisha miaka 11. Kwa mtoto yeyote wa siku hizi siku hiyo huangukia siku 17 au 18 kabla ya kutimiza miaka 11, kwa sababu miaka 11 ni siku 4015 pamoja na siku 2 au 3 za miaka mirefu. Mwanzoni usiwaambie. Wakirudi kesho yake na tarehe mbalimbali, ziandikeni zote ubaoni pamoja na siku zao za kuzaliwa, nao wataziona 17 na 18 zikijirudia. Wasiojua tarehe zao watumie tarehe ya mdogo wao, au tarehe ya kadi uliyowapa.

Neno langu la mwisho ni kwa mwalimu atakayetaka kutunga seti zake mwenyewe, na ninawaomba mtunge, kwa maana hizi watoto watazikariri baada ya muda mfupi. Kila unapoweka kadi ya miezi karibu na kadi ya wiki au ya siku, tafuta kwanza idadi ndogo kabisa na kubwa kabisa ya siku ambazo miezi hiyo inaweza kuwa nazo. Kadi ya jirani ikiangukia nje ya idadi hizo mbili, itumie kwenye foleni. Ikiangukia ndani yake, usiipe kundi hata moja kwa pointi, ihifadhi kwa mjadala wa darasa zima.